Mwaliko wa sherehe ya kushtukiza: saa ya kufika, siri na saa ya kufunga

*Swali: Mama yangu anatimiza miaka 60 mwezi ujao, siku ya Jumamosi. Sisi watoto tunataka kumfanyia sapraizi nyumbani kwake Tabata, wageni kama 40: ndugu, majirani, mama zake wa kikoba na wa jumuiya. Mwaliko umenishinda. Nataka wafike kabla yake, wasimwambie, na saa 3 usiku tuwe tumemaliza, kwa sababu ana presha na Jumapili huwa anawahi misa ya kwanza. Lakini kumtajia mgeni saa ya kuondoka naona kama namfukuza. Niandikeje?*

Dada, kabla hujaandika neno lolote, amua dakika ambayo mama ataingia mlangoni. Saa nyingine zote kwenye mwaliko huo zitatokana na hiyo. Wengi huanza na saa ya wageni, kisha wanamtafutia mama nafasi katikati, na hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Kwa wageni ulionao mimi ningemwingiza mama saa 11:30 jioni. Sababu ya kwanza ni majirani zako Waislamu, ambao bila shaka wamo kwenye hao 40. Jua la Dar huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 hivi kutegemea mwezi, na mama akiingia muda huo utakuta nusu ya baraza imetoka kwenda kuswali Magharibi. Saa 11:30 wameshaswali Alasiri, wanamshangilia wote kwa pamoja, keki inakatwa kukiwa bado na mwanga mzuri wa picha, halafu wanaotoka kuswali wanatoka kwa nafasi na kurudi chakula kikiwa tayari. Sababu ya pili ni hiyo saa 3 yako. Sherehe iliyoanza saa 1 usiku haiwezi kufungwa saa 3 bila watu kuona wamekatishwa. Iliyoanza saa 11:30 inakupa saa tatu na nusu, na hizo zinatosha kabisa.

Sasa rudi nyuma kutoka hapo. Geti lifungwe saa 11:00, nusu saa kamili kabla yake. Kwenye mwaliko andika kufika ni saa 10:15 jioni. Hiyo tofauti ya dakika 45 kati ya saa iliyoandikwa na geti kufungwa ni ya foleni ya Barabara ya Mandela, ya bodaboda aliyepotea mtaa, na ya yule mama mdogo ambaye saa 10:15 ndiyo kwanza anatafuta hereni.

Na hapa kuna jambo ambalo nalisisitiza kwa kila familia: saa ya mama kuingia usiiandike. Ukiandika kwamba mama anaingia saa 11:30, kuna watu watapanga kufika saa 11:25, na watano wa namna hiyo wanatosha kukutana naye getini. Waandikie saa ya kufika na saa ya geti kufungwa, basi. Sote tumezoea kwamba saa ya kwenye kadi ya harusi ni ya kuanza kuoga, kwa hiyo ukirudisha tu saa nyuma kimyakimya bila maelezo, wageni nao wataisogeza mbele kama walivyozoea. Kinachowafanya watu wawahi ni kuambiwa geti litafungwa na kwa nini litafungwa.

Kisha mwambie aliyechelewa afanye nini. Mialiko mingi ya sapraizi husema "tafadhali usichelewe" na kuishia hapo. Matokeo yake ni mgeni anayejikuta ndani ya bajaji saa 11:20, hajui aendelee au arudi, na kwa kuwa ameshika zawadi na amevaa kitenge kipya, anaamua kuendelea. Anashuka getini sekunde ileile mama anashuka kwenye gari. Mpe mahali pa kusubiri: duka, kanisa, nyumba ya jirani, popote ambapo si njia ya mama kurudi nyumbani, na umwambie abaki hapo mpaka apigiwe simu. Akishajua ana pa kusubiri hatakimbilia getini, na mama akishaingia mnamwita anajiunga bila aibu.

Magari na viatu ni sehemu ya mwaliko, usiyaache ya siku yenyewe. Mama mwenye umri huo anaijua baraza yake. Akikuta jozi 30 za viatu pale mlangoni, zikiwemo ndala za jirani yake anazozifahamu, ameshajua kila kitu kabla hajashika kitasa. Waambie mapema kwamba wataingia na viatu, au kwamba kuna mtu atavipokea na kuvipeleka chumba cha nyuma. Magari yaegeshwe mtaa wa pili, na uandike wapi hasa.

Kuhusu siri, nimeona kwamba sapraizi chache sana huharibiwa na wambea. Zinaharibiwa na watu wema. Mama wa kikoba anampigia mama yako kumuuliza sare ni rangi gani, akidhani ameambiwa. Shangazi anampigia kumwomba radhi kwamba hatafika. Rafiki anamtumia salamu za asubuhi, "Hongera kwa miaka 60, tutaonana jioni." Hakuna hata mmoja kati yao aliyekusudia kutoa siri, na wote walishasoma maneno "hii ni siri" kwenye mwaliko. Kwa hiyo mwandikie mgeni matendo yenyewe: swali lolote apige namba hii, udhuru wowote autume namba hii, asimpigie mama kwa lolote linalohusu siku hiyo. Mruhusu pia jambo moja, kwamba siku ya kuzaliwa amtakie heri kama kawaida yake. Usipolisema hili, watu 40 watanyamaza kwa kuogopa kuropoka, na mama atashinda akiwaza kwamba mwaka huu amesahaulika na kila mtu, kikoba kizima na jumuiya nzima. Huo unyamavu humpa mashaka haraka, na wakati mwingine humuumiza kabisa.

Mpe mgeni pia kile ambacho mama mwenyewe anakiamini. Tuseme mama mdogo amemwambia kwamba Jumamosi hiyo wanaenda wote Kinyerezi kumsalimia mgonjwa. Waandikie wageni sentensi moja tu: "Mama anajua kwamba jioni hiyo yuko Kinyerezi na mdogo wake." Ikitokea jirani amekutana naye dukani na mama akasema anaenda Kinyerezi, jirani hatashangaa wala hatauliza "Kinyerezi tena?" Usiwape zaidi ya hapo, maana uongo wenye sehemu nyingi humshinda kila aliyepewa.

Njia ya kutuma nayo iangalie vizuri. Usifungue kundi la WhatsApp. Kundi lina jina, na jina hilo hutokea juu ya kioo cha simu hata ikiwa imefungwa. Mama zako wa kikoba hukaa pamoja, simu ziko mezani, na mama yako amekaa katikati yao. Tuma ujumbe kwa mtu mmoja mmoja. Watu 40 si wengi, ni kazi ya jioni moja. Ukitumia orodha ya matangazo ya WhatsApp, kumbuka kwamba ujumbe unamfikia tu yule aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake, na mabibi wa jumuiya wengi wao hawana namba yako wewe, wana ya mama. Utabaki unadhani wamepata kumbe hawajapata.

Halafu usitume kadi yenye picha ya mama. Najua ni nzuri, na mtengeneza kadi ameshakushawishi. Lakini kadi ya picha inasambazwa kwa kubonyeza mara moja, na mtu akiipenda anaiweka status kwa furaha tu. Au anataka kumtumia mwenzake, mkono unateleza, inaingia kundi la kikoba ambamo mama yako yumo. Akiifuta kwa wote bado pale pale panabaki alama kwamba kuna ujumbe umefutwa, na wanakikundi wataanza kuuliza ulikuwa nini. Maneno matupu yasiyo na picha hayamtamanishi mtu kuyaweka status. Kadi ya picha itume usiku ule sherehe ikishakwisha, iwe ukumbusho wao.

Sasa saa ya kufunga, ambayo ndiyo inakupa wasiwasi. Mgeni huona amefukuzwa pale anapoambiwa saa ya *yeye* kuondoka. Ukimwambia saa ambayo sherehe inafungwa, kwa kitu gani, na kwa nini, anaona amepewa ratiba, na wengi watakushukuru. Bibi anayechukuliwa na mjukuu anajua amwambie mjukuu aje saa ngapi. Anayepanda daladala mbili hadi nyumbani anajua hatakwama. Ndugu wa Morogoro wanajua kama wanaweza kugeuza usiku huohuo au watafute pa kulala. Kwa hiyo mahali ambapo ungeandika "mwisho saa 3 usiku", andika "tutafunga kwa sala saa 2:45 usiku, ili Mama apumzike aweze kuwahi misa ya kwanza." Hakuna mgeni wa jumuiya atakayebisha misa. Presha yake usiitaje kama sababu ya kufunga. Hiyo ni habari yake ya ndani, na si majirani wote wanaijua.

Ila hakuna sentensi itakayowaondoa watu saa 3 kama chakula kimetoka saa 2:30. Saa ya mwisho inalindwa na jiko. Keki ikatwe ndani ya dakika 20 za mwanzo, watu wakiwa bado wamechangamka. Chakula kitoke saa 1:00 usiku kamili, wanaoswali wakiwa wamerudi. Zawadi na kucheza kuanzia saa 1:45. Neno la shukrani la mama saa 2:30, halafu sala ya kufunga, na mtu wa muziki aelezwe waziwazi kwamba baada ya sala harudishi wimbo. Akirudisha wimbo mmoja tu wa kwaito, umewapa watu saa nzima nyingine. Wale wa kubaki kuosha masufuria na kukunja viti ni wanafamilia mliokubaliana pembeni, na jambo lao lisiingie kwenye mwaliko.

Kwa sababu mama ana presha, naomba pia ubadilishe namna ya kumshtukiza, na uiandike kwenye mwaliko ili kila mtu aijue kabla. Msizime taa. Msijifiche nyuma ya makochi mkaruka kwa kelele mara anapofungua mlango. Mtu mzima anayeingia kwake akakuta giza, halafu sauti 40 zikalipuka, wazo lake la kwanza ni wezi au msiba. Wageni wakae wamesimama sebuleni, taa zinawaka, na kabla hajagusa mlango waanze kuimba wimbo wa kanisani anaoupenda, kwa sauti ya chini. Atausikia akiwa barazani. Atasimama kidogo, atamtazama mdogo wake, na sura yake itaanza kubadilika hapohapo kabla hajaona mtu yeyote. Mwambie mpiga picha asimame barazani pembeni, maana picha yenyewe iko pale nje. Vigelegele vije akishaingia na kukaa.

Haya, ukiviweka pamoja, mwaliko wako unaweza kusomeka hivi:

"Shikamoo Mama. Sisi watoto tunamfanyia Mama yetu sherehe ya kutimiza miaka 60, Jumamosi ya tarehe (andika), nyumbani kwake Tabata. Yeye hajui, tunataka kumshtukiza.

Karibu saa 10:15 jioni (16:15). Saa 11:00 geti linafungwa, kwa sababu Mama atarudi baada ya hapo na tungependa akukute ndani. Ukichelewa, tafadhali usije getini. Subiri (taja mahali) nasi tutakupigia. Gari egesha (taja mahali). Utaingia na viatu ndani.

Mama anajua jioni hiyo yuko Kinyerezi na mdogo wake. Swali au udhuru wowote nipigie mimi kwa namba hii, usimuulize yeye. Siku hiyo mtakie heri kama kawaida, bila kutaja jioni. Tunaomba ujumbe huu usiusambaze wala kuuweka status.

Hatutazima taa wala kupiga kelele. Tutampokea kwa wimbo. Chakula saa 1:00 usiku, na tutafunga kwa sala saa 2:45 usiku ili Mama apumzike kwa ajili ya misa ya kwanza.

Naomba unijibu kufikia Jumatano kama utafika, tuandae chakula cha kutosha."

"Shikamoo Mama" iwe ya wakubwa tu. Kwa rika lako anza na jina lake na habari. Hiyo 16:15 kwenye mabano usiitoe, hasa kwa ndugu walioko Nairobi au Ulaya ambao simu zao na vichwa vyao vimezoea saa nyingine. Mtu akisoma "saa 10:15" peke yake na akaiweka kwenye kalenda ya simu kama ilivyo, simu itamkumbusha saa nne na robo asubuhi, au saa nne na robo usiku sherehe ikiwa imeshafungwa. Kama mnachangishana, usiweke namba ya mchango humu ndani. Mchango una ujumbe wake, uende kwa watoto na ndugu wa karibu tu. Mama wa jumuiya akiona namba ya kutuma pesa atadhani ni kiingilio, na anayeona hana cha kutuma hatakuja.

Usiwatumie wote siku moja. Ndugu wa Morogoro na wale wanaohitaji ruhusa kazini wajulishwe wiki tatu kabla, kwa simu, ukiwatajia tarehe tu. Ujumbe kamili uende kwa kikoba na jumuiya siku nane au tisa kabla. Majirani wa ukuta kwa ukuta wajulishwe Alhamisi, kwa mdomo, wewe mwenyewe ukiwa umesimama mlangoni kwao, kwa sababu wao ndio wanaokutana na mama kila asubuhi kwenye bomba na kila siku moja unayowaongezea ni mzigo kwao. Wajukuu wadogo waambiwe Jumamosi hiyohiyo, gari la kwenda Kinyerezi likishaondoka. Serikali ya mtaa pia ijue mapema kama mtapiga muziki wa spika, na jirani mwenye mgonjwa au mtoto mchanga mweleze saa mtakayozima. Hapo saa yako ya kufunga inakusaidia mara ya pili.

Wapo wasiosoma ujumbe. Bibi wa miaka 75 mwenye simu ya tochi husomewa ujumbe na yeyote aliye karibu, na aliye karibu anaweza kuwa mama yako mwenyewe. Hao wapigie, na kabla ya kusema lolote muulize kwanza, "Bibi, uko na nani hapo?"

Ikitokea siri imevuja, utaijua kwa mambo madogo. Mama anaenda kusuka siku ya Ijumaa ambayo si kawaida yake, anaosha mapazia, au anaacha kabisa kuuliza mipango ya Jumamosi. Usimhoji na usibadilishe chochote. Wageni hawana haja ya kujua, kwa sababu akijua kwamba watakuja, bado hajui ni wangapi, na hajui wale wa Morogoro wamo.

Jumamosi saa 7 mchana watumie wote ujumbe mmoja mfupi: "Tunakusubiri saa 10:15. Geti saa 11:00." Usiongeze kitu. Kuanzia saa 11:00 simu za ndani zote ziwe kimya, na mtu mmoja tu awe anawasiliana na mama mdogo aliye garini. Mkubaliane naye maneno yasiyo na maana kwa mama akisikia, kwa mfano mama mdogo aulize, "Umenunua nyanya?" Hiyo ni ishara kwamba wamebakiza dakika kumi. Wakichelewa njiani, wageni wapewe maji, karanga na kashata, na waelezwe ukweli kwamba bado nusu saa. Watu waliokaa kimya bila kujua wanasubiri mpaka lini huanza kutoka nje kupunga upepo, na baraza ikishajaa watu, gari likikata kona mama anawaona wote.

Na shangazi atakayekushika mkono baada ya sala akisema tukae kidogo tu, usimjibu wewe. Mkabidhi mama amsindikize hadi getini. Akishasindikizwa na mwenye sherehe, ataondoka kwa furaha.